“Good” au “well”, “real” au “really”: kutafuta kosa kwa kutumia Kiswahili chako

Kijana mmoja mpishi alinijia Jumatatu asubuhi na barua yake ndani ya flashi. Mimi hupiga chapa na kusahihisha barua za kuomba kazi katika saiba iliyo ghorofani, Mtaa wa Tom Mboya, na watu kama yeye ndio wengi wanaopanda ngazi zile. Kazi yao wanaijua barabara, ila Kiingereza cha kuielezea ndicho kinachowakwamisha. Alikuwa ametoka Kayole na matatu ya alfajiri ili barua ifike hotelini siku hiyo hiyo. Nilipoifungua kwenye kompyuta sikuona mstari mwekundu popote, kwa kuwa kila neno lilikuwa na tahajia sahihi. Aya ya pili ndiyo hii:

> I cook good and I work hardly. My former boss was feeling real badly when I left. I handle meat careful so that it always tastes freshly. I speak English good and I am a real fast learner.

Sentensi nne, makosa manane, na yote ni ya ukoo mmoja: kivumishi kimekaa mahali pa kielezi, au kielezi cha “-ly” kimekaa mahali pasipo pake. Ukiyahesabu utaona jambo la kushangaza. Mara tano kijana ameacha kivumishi palipohitaji kielezi, yaani “good” mbili, “real” mbili na “careful”. Mara tatu amefanya kinyume, akabandika “-ly” pasipohitaji: “hardly”, “badly” na “freshly”. Kwa hiyo ukimwambia tu “weka vielezi zaidi”, utamponya makosa matano na kumzidishia yale matatu.

Nilimuuliza aliambiwa nini shuleni kuhusu maneno haya. Akanijibu, “Dada, tuliambiwa baada ya kitenzi ni adverbu. Basi.” Hiyo ndiyo kanuni wengi wetu tuliyofunzwa, na ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili tunayo tayari katika Kiswahili, na mwongozo huu unaitumia hiyo kutafuta kila kosa lilikotoka.

Dalili: “good” imefuata kitenzi cha kutenda

“I cook good.” “She sings good.” “They played good on Sunday.”

Sema sentensi yako kwa Kiswahili sanifu kabla ya kuigusa. “Mimi ni mpishi mzuri.” “Mimi hupika vizuri.” Katika ya kwanza “mzuri” inamsifu mpishi, na imevaa kiambishi cha ngeli yake. Katika ya pili “vizuri” inaeleza upishi unavyofanyika, wala haimjali anayepika: ninapika vizuri, tunapika vizuri, mashine inapika vizuri. Neno linalobadilika kufuata nomino ni kivumishi, nalo kwa Kiingereza ni “good”. Neno linalobaki “vizuri” hata mtendaji akibadilika ni kielezi, nalo ni “well”. Kwa hiyo “I am a good cook”, lakini “I cook well”.

Mbona basi kosa hili limeenea hivi hapa Nairobi, ikiwa Kiswahili kinatenganisha waziwazi? Mimi naona chanzo ni “poa”. Mtaani tunasema “chakula poa” na “amepika poa”, na neno halibadiliki hata kidogo. “Poa” ni kivumishi na kielezi kwa wakati mmoja. Mtu anayewaza kwa “poa” halafu akaandika kwa Kiingereza atachukua neno moja, “good”, alitumie kila mahali. Ndiyo maana nasisitiza Kiswahili sanifu unapofanya jaribio hili. Ukijaribu kwa lugha ya mtaani, kipimo hakitakuonyesha kitu.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia. Kiambishi “vi-” kina kazi mbili: hutengeneza vielezi, na pia ni kiambishi cha wingi katika ngeli ya KI-VI. “Aliandika vitabu vizuri” inaweza kumaanisha vitabu vyenyewe ni vizuri, au kwamba uandishi wake ulikwenda vizuri. Ukikutana na sentensi kama hiyo, badilisha nomino uiweke ya ngeli nyingine. Ukisema “aliandika barua nzuri”, ulitaka “he wrote a good letter”. Ukisema “aliandika barua vizuri”, ulitaka “he wrote the letter well”. Neno likibadilika ni kivumishi, likibaki lilivyo ni kielezi.

Jaribio hili linatibu ndugu wote wa “good”. “Shika nyama kwa uangalifu” haiisifu nyama, kwa hiyo ni “handle meat carefully”. “Aliongea vibaya juu yangu” ni “he spoke badly about me”, wala si “bad”.

Dalili: umeweka “-ly” na sentensi bado inasikika vibaya

Hapa ndipo penye shida kubwa, na hapa ndipo kanuni ya shule inapomwangusha mtu. “The meat tastes freshly.” “The pilau smells well.” “My boss felt badly.” Kila kielezi kimefuata kitenzi kama kanuni inavyotaka, na kila sentensi ina walakini.

Chanzo ni kwamba Kiingereza kina vitenzi kadhaa vyenye maisha mawili. “Smell”, “taste”, “look”, “feel” na “sound” vinaweza kuwa vitenzi vya kutenda. Vilevile vinaweza kufanya kazi ya kitenzi kishirikishi, yaani kazi ya “ni”, ya kuunganisha kiima na sifa yake. Mwingereza hana neno jipya la kutofautisha hali hizo mbili. Kitenzi anakiacha palepale, anabadilisha neno linalokifuata: kivumishi kwa hali ya “ni”, kielezi kwa hali ya kutenda.

Sisi tumefanya kinyume. Kiswahili kimetenganisha vitenzi vyenyewe. Anayevuta hewa puani *ananusa*. Kinachotoa harufu *kinanukia*, au *kinanuka* harufu ikiwa mbaya. Kwa Mwingereza vyote ni “smell”. Anayeelekeza macho *anatazama*, na anayepokewa na macho ya wengine *anaonekana*. Vyote ni “look”. Anayepitisha mkono juu ya kitu *anapapasa*, naye mwenye hali fulani moyoni au mwilini *anajisikia*. Vyote ni “feel”. Mpishi *anaonja* mchuzi, na mchuzi wenyewe *una ladha*; vyote ni “taste”.

Basi kabla ya kuchagua neno, jiulize ungetumia kitenzi kipi cha Kiswahili. Ukipata *nusa*, *tazama*, *papasa* au *onja*, mtu anatenda, na Kiingereza kinataka kielezi. Ukipata *nukia*, *onekana*, *jisikia* au *kuwa na ladha*, hakuna anayetenda, na Kiingereza kinataka kivumishi.

Chukua mbwa wawili wa ulinzi. Wa kwanza hajaoshwa miezi miwili: ananuka. “The dog smells bad.” Wa pili ni msafi kabisa, lakini pua yake imezeeka na hagundui kitu: ananusa vibaya. “The dog smells badly.” Ukimwandikia mwenye kampuni ya ulinzi sentensi ya pili ukiwa na maana ya kwanza, umemwambia mbwa wake hafai kazi, wakati alihitaji tu sabuni na maji.

Au makanga wa matatu ya Rongai. “She looked angry” inasema uso wake ulionyesha hasira. “She looked angrily at the passenger” inasema alimtazama abiria kwa hasira. Tofauti ni ya *onekana* na *tazama*, na mtoto wa darasa la nne anaijua kwa Kiswahili bila kufikiri.

Sasa uangalifu, kwa sababu hapa “vizuri” tuliyoitegemea mwanzoni inaweza kutupotosha. Sisi husema “pilau inanukia vizuri”, na kwa jaribio la kwanza mtu angekimbilia “well”. Ndivyo “smells well” inavyozaliwa. Katika vitenzi hivi vichache, ongeza jaribio la “ni”. Badilisha kitenzi chote kwa “ni” uone kama maana inabaki karibu ilivyokuwa. “Pilau inanukia vizuri”, “pilau ni nzuri”: inabaki. Basi ni “the pilau smells good”. “Mpishi anapika vizuri”, “mpishi ni mzuri”: ukisikiliza kwa makini utaona umeacha kuzungumzia upishi, umeanza kusifu umbo au tabia. Maana imehama, kwa hiyo ni “well”.

“Onekana” na “sikika” zinahitaji jicho la ziada. Kuna asubuhi Nairobi isiyo na mawingu ambapo Mlima Kenya unaonekana kutoka hapa mjini. Ukisema “mlima unaonekana vizuri”, unamaanisha hakuna kinachouziba: “the mountain can be seen clearly”. Ukisema “mlima unaonekana mzuri”, unausifu: “the mountain looks beautiful”. Kiswahili kimekupa jibu mkononi, kwa sharti useme sentensi polepole na usichanganye “mzuri” na “vizuri”. Ndivyo ilivyo kwa redio pia. “Redio inasikika vizuri” si “the radio sounds well”. Kama unamaanisha mawimbi yanafika, andika “we can hear the radio clearly”. Kama unasifu sauti yake, andika “the radio sounds good”.

Na lile jambo la “I feel badly”. Wapo wenyeji wa Kiingereza wanaoliandika wakimaanisha majuto, na kamusi zimelirekodi, kwa hiyo usimcheke mtu aliyeliandika. Lakini kwa jaribio letu, bosi wa kijana *alijisikia* vibaya, hakuwa *akipapasa* kitu kwa mikono iliyokufa ganzi. “He felt bad” haina ubishi mbele ya msomaji yeyote, na katika barua ya kazi ndiyo ninayoiandika kila mara.

Ndugu wengine wa kundi hili ni “seem”, “become”, “stay”, “remain”, na “get” inapomaanisha kuwa au kugeuka. “Stay” inatuletea shida kwa sababu ya “kaa” yetu. “Kaa kimya” mara nyingi maana yake ni “uwe kimya”, na hiyo ni “stay quiet”. Lakini “ameketi kimya pembeni” inaeleza namna ya kuketi: “he is sitting quietly in the corner”. Vivyo hivyo fundi wa suti akikuambia “suti imekukaa vizuri”, amua kwanza anasema nini. Kama anasema vipimo vimekaa sawasawa mwilini, hiyo ni kazi ya suti: “the suit fits you well”. Kama anasema umependeza, ni “the suit looks good on you”.

Dalili: “real” imetangulia kivumishi kingine

“A real fast learner.” “Real good coffee.” “I was real tired.”

Neno letu “kweli” linafanya kazi zote mbili, lakini halifanyi bila kuacha alama. Tazama: “rafiki wa kweli” ni “a real friend”. “Chai nzuri kweli” ni “really good tea”. Katika ya kwanza “kweli” imeshikwa na “wa”, ikawa sifa ya nomino. Katika ya pili imesimama peke yake ikikoleza “nzuri”. Basi ukitafsiri moyoni ukasikia -a unganifu, au ukasikia “halisi”, andika “real”. Ukisikia “kweli” tupu, au “sana”, andika “really”.

Alama hiyo inafanya kazi mbali zaidi ya “kweli”, na kwangu ndiyo zana ninayoitumia kuliko zote. “Kifo cha ghafla” ni “sudden death”, lakini “alifariki ghafla” ni “he died suddenly”. “Bei ya kawaida” ni “the usual price”, lakini “kwa kawaida tunafungua saa mbili” ni “we usually open at eight”. “Safari ya haraka” ni “a quick trip”, lakini “rudi haraka” ni “come back quickly”. Palipo na -a unganifu baada ya nomino, weka kivumishi. Neno lilipo tupu baada ya kitenzi, au limetanguliwa na “kwa”, mara nyingi ni kielezi.

Kwa “real” kuna hakikisho la pili, la Kiingereza chenyewe: weka “very” mahali pake. Muuza viatu pale Gikomba akiandika kwenye kadibodi “real leather”, huwezi kusema “very leather”. Basi “real” ni sahihi, anasema ngozi ni halisi. Akiandika “real cheap”, “very cheap” inakubalika, kwa hiyo kwa maandishi rasmi alipaswa kuandika “really cheap”.

Msomaji mmoja aliwahi kunibishia kwamba Wamarekani kwenye filamu husema “real good” bila aibu. Ni kweli, husema, hasa katika mazungumzo ya kawaida, na si kwamba hawajui lugha yao. Ni kiwango cha usemi, kama “poa” yetu. Ukiandika mazungumzo ya wahusika wa namna hiyo, iache. Katika barua, ripoti au mtihani, itahesabiwa kosa. Na kwa barua ya kazi nakwenda mbali zaidi: “really” yenyewe naifuta. “I am a fast learner” inasimama bila mkoleo, na mwenye hoteli anayesoma barua arobaini hatakosa kitu.

Dalili: “-ly” imegeuza maana yote

“I work hardly.” Kosa hili linanisikitisha kuliko mengine, kwa maana linamwumiza mtu mwaminifu. Kijana alitaka kusema anajituma. Alichoandika kinamaanisha karibu hafanyi kazi kabisa. “Hardly” ni “kwa nadra” au “karibu hapana”, kama katika “I hardly slept”, yaani sikupata usingizi wa maana.

Chanzo chake ni cha zamani. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuvamia mwaka 1066, kivumishi kingi kiligeuzwa kielezi kwa kuongezwa “-e” mwishoni. “Heard”, yaani gumu, ikawa “hearde”, yaani kwa nguvu. Karne zilizofuata zikaidondosha irabu ile ya mwisho, na kielezi kikabaki sawa na kivumishi: “hard work”, “work hard”. Yaliyompata “hard” yalimpata “fast” pia, ndiyo maana hakuna “fastly” katika Kiingereza sanifu: “a fast learner”, “she learns fast”. “Late” nayo ni ya jamii hiyo.

Baadhi ya maneno haya yana pacha wa “-ly”, na pacha huyo ameshika njia yake. “He came late” ni alichelewa kufika. “Lately” ni siku hizi za karibuni. “Come near” ni sogea. “Nearly” ni nusura. “Aim high” ni lenga juu. “Highly” ni sana, kama katika “highly trained”. Hapa hakuna jaribio la Kiswahili litakalokuokoa. Maneno haya ni machache, yajue kwa kichwa, kuanzia “hard” na “late” ambayo ndiyo yanayojitokeza zaidi kwenye barua.

Upande wa pili wa historia hiyo hiyo ni “friendly”. Kiingereza cha kale kilikuwa na vivumishi vilivyoishia “-lic” na vielezi vilivyoishia “-lice”, na vyote viwili vikaporomoka kuwa “-ly”. Kwa hiyo kuna vivumishi halali vyenye mkia wa kielezi: “friendly”, “lonely”, “lovely”, “costly”. “He greeted us friendly” haikubaliki. Andika “he greeted us in a friendly way”, au urahisishe: “he gave us a friendly greeting”.

Barua imerudi mezani

Tulipitia aya ya kijana neno kwa neno, yeye akisema Kiswahili nami nikipiga chapa. “Napika vizuri”: inabaki “vizuri”, kwa hiyo “well”. “Nafanya kazi kwa bidii”: “hard”, bila mkia. “Bosi alijisikia vibaya kweli”: kujisikia, basi “bad”, kweli tupu, basi “really”. “Nashika nyama kwa uangalifu”: “carefully”. “Iwe na ladha ya nyama mbichi ya leo”: nyama haionji kitu, ina ladha, basi “fresh”. “Naongea Kiingereza vizuri”: “well”. Ikatoka hivi:

> I cook well and I work hard. My former boss felt really bad when I left. I handle meat carefully so that it always tastes fresh. I speak English well and I am a fast learner.

Akaisoma mara mbili kwa sauti ya chini. Nilimshauri aiondoe kabisa sentensi ya bosi, kwa kuwa haimwelezi mwajiri mpya jambo lolote kuhusu upishi. Akaifuta. Mahali pake akaweka kwamba alikuwa akisimamia jiko la mkaa na la gesi kwa zamu ya usiku.

Baadaye tukatafuta mabaki kwenye kurasa nyingine. Bonyeza `Ctrl+F`, andika `good`, na usimame kwenye kila moja: inasifu nomino ipi? Usipopata nomino ya kusifiwa, hapo pana kosa. Fanya hivyo kwa `real` na `bad`. Kisha andika `ly` na uulize kinyume chake: kitenzi kilicho karibu ni cha kutenda, au ni cha familia ya “ni”? Barua ya ukurasa mmoja haimalizi dakika tano.

Katika mzunguko huo alikuta “good spoken” kwenye wasifu wake. Neno kama “spoken” au “dressed” limetoka katika kitenzi cha kutenda, kwa hiyo linataka “well”: “well-spoken”, “well-dressed”, “well-cooked”. Akaniuliza mbona basi watu husema “good-looking” na si “well-looking”. Nilifurahi sana kwa swali hilo, maana jibu tulikuwa nalo tayari: ni “look” ya *kuonekana*. Mtu anaonekana mzuri, hatazami vizuri. Na harufu ya pilau ni “sweet-smelling” kwa sababu hiyo hiyo.

Vibao vya barabarani vinavyosema “Drive slow” nilimwambia aviache. “Slow” imetumika kama kielezi kwa karne nyingi, na kwenye kibao ufupi una faida yake. Ndani ya barua “slowly” ndiyo salama.

Alipokuwa akitoa pesa ya kuchapisha, alirudisha macho kwenye mstari wa kwanza kabisa wa barua, ambao hatukuwa tumeugusa: “I hope this letter finds you well.” Akasita. “Dada, hii ‘well’ imekaa sawa? Si tumesema ‘finds’ ni kitenzi, na ‘well’ ni namna ya kutenda? Barua inapata vizuri?”

Nikamwambia aiseme kwa Kiswahili. Akafikiri kidogo: “Natumai barua hii itakukuta mzima.” Mzima, si vizuri, na imevaa kiambishi cha mtu. Akaona mwenyewe kwamba “well” hii ni nyingine, ni kivumishi chenye maana ya afya, ile iliyo katika “she is not well today”. Kama angeandika “finds you good”, angekuwa anamtakia mwenye hoteli awe mtu mwema barua itakapofika. Tukaiacha “well” mahali pake, nikaichapisha, akaiweka ndani ya bahasha ya kaki na kuteremka ngazi.